Wiki sita tangu homa ianze, mgonjwa hajapona: kisa cha mhasibu baada ya kidingapopo

Aliingia chumba cha daktari akiwa ameshika kaunta buku kifuani, na nyuma yake alikuwa mama mkwe wake. Nilipomwamkia yule mama, aliitikia marahaba, akakaa, na kabla sijauliza lolote akasema: "Mwanangu, huyu alipata kidingapopo mwanzo wa Ramadhani. Homa ilikwisha zamani. Mbona mpaka leo akifagia ua tu analala mchana kutwa?"

Nitamwita mgonjwa Mama Salma, ingawa si jina lake, na yapo mambo madogo niliyobadilisha ili asitambulike. Yeye mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe. Ni mhasibu wa kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, ana miaka 34, watoto wawili, hana kisukari wala presha, hajawahi kulazwa isipokuwa wakati wa kujifungua. Nakiandika kwa sababu wagonjwa wa namna yake ni wengi mno, na wengi wao wanazungushwa kwenye maabara na maduka ya dawa kwa wiki kadhaa bila mtu kuwaambia kupona baada ya homa ya virusi kunavyokwenda.

Ulikuwa mwaka 2019, mwaka wa mlipuko mkubwa wa dengue, yaani kidingapopo, ambao sehemu kubwa ya wagonjwa wake walikuwa Dar es Salaam. Homa yake ilianza Jumatatu, tarehe 6 Mei. Kichwa kilimuuma nyuma ya macho, mgongo na viungo vikawaka moto, chakula kikawa kichungu. Siku ya tatu alipimwa, malaria hakuna, kipimo cha NS1 cha dengue kikaonyesha ndiyo. Siku ya sita homa ilishuka. Chembe sahani zake za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zilishuka hadi 62,000, zikapanda tena hadi 180,000 siku ya kumi. Hakutokwa damu popote, hakulazwa. Alikunywa maji, maji ya dafu na parasetamo, akaepuka dawa za maumivu za jamii ya aspirini na brufeni kama alivyoelekezwa. Kwa dengue yenyewe alihudumiwa vizuri kabisa.

Tarehe 20 Mei alirudi kazini. Kisa chetu kinaanzia hapo.

Wiki ya kwanza kazini alijikokota, lakini aliweza. Wiki iliyofuata ilikuwa ya kufunga hesabu za mwezi, na kwa kuwa alikuwa na viporo vya siku alizougua, kuanzia Jumatano hadi Ijumaa alikaa ofisini mpaka saa mbili usiku. Anasema siku hizo tatu alijisikia vizuri kuliko siku zote tangu augue, kiasi cha kuamini amepona. Jumamosi alikuwa mchovu kiasi. Jumapili hakuweza kuinuka kitandani. Mwili wote ulimuuma kama siku za homa, koo likakereketa, mwanga wa dirishani ukamchoma macho, lakini kipimajoto kilisoma 36.6. Alilala siku mbili, akapata nafuu, ikafika Idd. Akapika pilau ya watu kumi na watano, akaosha vyombo, akapokea wageni. Siku mbili baada ya Idd akaanguka tena vilevile.

Ndipo akaenda zahanati ya karibu. Alipimwa damu, akaambiwa ana taifodi kwa kipimo cha Widal kilichosoma 1:160, na mkojo ukaonekana "una wadudu kidogo". Akapewa sipro ya siku saba, dripu mbili na sindano za vitamini. Dripu ilikuwa ya njano kwa ajili ya ile vitamini, na mchana wa siku hiyo alijisikia kachangamka. Kesho yake akawa kama jana. Alipomaliza dozi bila nafuu, akaambiwa taifodi yake ni sugu, aanze dozi nyingine kali zaidi. Hapo mama mkwe akamshika mkono akamleta kwangu, Jumatatu tarehe 17 Juni, wiki sita kamili tangu homa ianze.

Sitaki kuipita hiyo taifodi haraka, maana ndipo wengi wanapopotelea. Kipimo cha Widal hakitafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kinga ambazo mwili umetengeneza, na kinga hizo zinaweza kuwapo kwa sababu mtu aliugua zamani, au alikutana na bakteria wengine wa ukoo huo, au mwili wake umechochewa na homa nyingine kabisa. Katika mji ambao watu wengi wamekwisha kukutana na vijidudu hivyo, kusoma 1:160 mara moja tu hakumwambii daktari kitu cha kutegemea. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu maabara, na mgonjwa wa taifodi ana homa. Mama Salma hakuwa na homa hata siku moja tangu katikati ya Mei. Mtego wa namna hiyo upo hata kwenye malaria: kipimo cha haraka, mRDT, kinaweza kuendelea kuonyesha ndiyo kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa na kuisha, kwa sababu kinanasa mabaki ya protini ya vimelea. Mtu aliyetibiwa malaria wiki tatu zilizopita na bado ana uchovu anahitaji damu yake iangaliwe kwa hadubini kabla ya kupewa dozi ya pili.

Nilimwomba Mama Salma anieleze siku yake ya jana tangu alipoamka. Swali hilo hunipa mengi kuliko "unajisikiaje". Akasema aliamka saa kumi na mbili akiwa amechoka kama hakulala, ingawa alilala saa tisa nzima. Alioga akiwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu akisimama moyo unadunda na macho yanafifia. Alibandika chai, akaenda kumvalisha mtoto, akaisahau mpaka sufuria likaungua. Kisha akafungua kaunta buku na kunionyesha ukurasa. Ilikuwa orodha ya mistari 40 ya risiti. Chini yake palikuwa na jumla tatu tofauti, zote kwa mwandiko wake, zote zimekatwa. "Daktari, hizi nimejumlisha kwa kikokotoo," akasema. "Nikifika katikati nasahau nilikuwa mstari gani. Na hapa niliandika 1,540,000, risiti inasema 1,450,000. Mimi sijawahi kukosea hivi tangu nianze kazi." Machozi yalimtoka aliposema hilo, si aliposema habari ya kulala mchana.

Nikamuuliza ingekuwaje kama angeamka kesho ana nguvu zote. Hakusita: angeenda kazini, angemaliza viporo, angempeleka mtoto baharini kama alivyomwahidi. Swali hilo nauliza kwa makusudi. Mtu mwenye sonona mara nyingi hamu yenyewe imezimika, hata umpe nguvu haoni cha kuzifanyia. Kwa Mama Salma hamu ilikuwapo na nguvu hazikuwapo. Hali hizo mbili zinaweza kumkuta mtu mmoja kwa pamoja, na uchovu wa muda mrefu unaweza kuzaa sonona, kwa hiyo swali hilo peke yake halitoshi na nililirudia kila alipokuja.

Kabla ya kumwambia mtu kwamba uchovu wake ni wa baada ya virusi, ni wajibu kuhakikisha hauna chanzo kingine. Kwetu hapa cha kwanza ni kifua kikuu: nilimuuliza kikohozi, jasho la usiku, kupungua uzito, akasema hapana kwa yote, na uzito wake ulikuwa umesharudi kilo mbili kati ya tatu alizopoteza. Nikapima himoglobini, maana wanawake wengi wa umri wake wana upungufu wa damu bila kujua. Yake ilikuwa 12.1, inatosha. Sukari, VVU, ujauzito, figo na tezi la shingo vyote vilikuwa sawa. Chembe sahani zilikuwa 240,000. Kimeng'enya kimoja cha ini kilikuwa juu kidogo, jambo la kawaida baada ya dengue, na wiki nne baadaye kilishuka chenyewe. Nikasikiliza moyo na mapafu, nikamuuliza kuhusu maumivu ya kifua, kubanwa pumzi akilala chali, miguu kuvimba, kuzimia. Virusi huweza kushambulia misuli ya moyo, na dalili hizo zikiwapo hakuna kusubiri, mgonjwa apigwe picha ya moyo. Hakuwa nazo.

Kipimo kimoja ninachokipenda hakina gharama yoyote. Nilimlaza dakika kumi kimya, nikahesabu mapigo: 72 kwa dakika, presha 112 kwa 70. Kisha akasimama ameegemea ukuta kidogo, bila kutembea wala kuzungumza, nami nikapima kila baada ya dakika mbili. Dakika ya kumi mapigo yalikuwa 98, presha haikushuka, lakini vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi na akaomba kukaa. Kupanda kwa mapigo 30 au zaidi kwa mtu mzima ndiyo hesabu inayotufanya tuseme mfumo wa kurekebisha mapigo mtu anaposimama una hitilafu. Yeye alipanda 26. Hakufika hapo, lakini ilitosha kueleza kwa nini foleni ya mwendokasi na kuoga wima vilimmaliza.

Sasa niliweza kumjibu mama mkwe swali lake.

Homa ya virusi inapoingia, mwili hutoa kemikali za kuita askari wake wa kinga, na kemikali hizohizo ndizo zinazouambia ubongo: lala, usile sana, usitembee, usifikiri mambo mengi. Uchovu wa siku za homa ni kazi ya mwili wenyewe. Virusi vya dengue huondoka kwenye damu ndani ya siku chache, lakini ile amri ya kulala haizimiki siku hiyohiyo. Juu yake panaongezeka mambo mengine: misuli imelegea kwa kulala wiki mbili, usingizi umevurugika, chakula kilikuwa kidogo, na mishipa ya damu bado haijarudia wepesi wake wa kujikaza mtu anaposimama.

Kwa mtu mzima aliyekuwa na afya, mwendo wa kawaida ni huu. Wiki mbili za kwanza baada ya homa kushuka, uchovu ni mzito na hakuna ajabu yoyote. Kati ya wiki ya nne na ya sita wengi wanaona wamerudi, au karibu. Wachache kiasi huchukua miezi miwili au mitatu. Na wapo wanaozidi hapo. Watafiti wa Australia waliwafuatilia watu 253 wa eneo la Dubbo tangu walipougua maambukizi ya namna tatu, mawili ya virusi na moja la bakteria, na mwaka 2006 wakachapisha walichokiona: wiki ya sita, watu 35 katika kila 100 walikuwa bado na uchovu wa kuwalemaza, mwezi wa tatu 27, mwezi wa sita 12, mwaka ulipotimia, 9. Namba hizo nilimwandikia Mama Salma kwenye kaunta buku lake. Mhasibu anajua kusoma safu inayoshuka. Jambo lingine waliloliona watafiti hao nililielekeza kwa mama mkwe zaidi: kilichotabiri nani angechelewa kupona ni ukali wa ugonjwa siku za mwanzo. Hali ya kiakili ya mtu na tabia yake kabla ya kuugua havikutabiri. Aliyechelewa si mvivu wala si mdekaji.

Kupona huko hakupandi kama ngazi. Kunakuja kwa mawimbi, siku tatu nzuri, mbili mbaya, nne nzuri, moja mbaya. Ukiipima leo kwa jana utakata tamaa bure. Pima wiki hii kwa wiki ile. Na kichwa huchelewa nyuma ya miguu: mtu anaweza kutembea kilomita mbili vizuri na bado akashindwa kusoma kurasa mbili akakumbuka alichosoma.

Lakini kwa Mama Salma kulikuwa na kitu cha ziada, na kilionekana tulipoweka tarehe zake kwenye mstari mmoja. Alijituma Jumatano hadi Ijumaa, akaanguka Jumapili. Alipika Idd, akaanguka baada ya siku mbili. Alikuwa pia ameanza kulipa funga alizokosa, na siku ya pili ya funga akalala sakafuni jikoni. Uchovu wa kawaida humjia mtu palepale anapofanya kazi na huondoka akilala usiku mmoja. Huu wake ulichelewa siku moja au mbili, ukaja na maumivu ya mwili na kichwa kizito, ukakaa siku kadhaa. Kwa kuwa unachelewa, mtu haunganishi sababu na matokeo. Anasema "nilikuwa nimepumzika Jumamosi yote, Jumapili nikaumwa tena", anakwenda kupima taifodi. Na akipata nafuu anakimbilia viporo, anaanguka tena. Mzunguko huo, kwa jinsi ninavyoona wagonjwa wangu, unawachelewesha watu wengi zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Mama mkwe alisikiliza yote hayo, akauliza: "Sasa asijikaze? Sisi tulilelewa kwamba ukilala sana mwili unaoza." Nikamjibu kwamba kulala kitandani wiki nzima ni kosa pia, misuli inazidi kulegea na mapigo yanazidi kukimbia mtu akisimama. Kazi yetu ilikuwa kutafuta kiasi ambacho akikifanya leo, kesho na keshokutwa hataanguka. Kiasi hicho akifanye kila siku, siku nzuri asikizidishe. Hilo la siku nzuri ndilo gumu.

Kwa wiki mbili aliandika kwenye kaunta buku: saa alizolala, alichofanya, na alama ya nguvu kutoka 0 hadi 10 asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza ilituonyesha kwamba dakika 25 za hesabu aliziweza, dakika 50 zilimgharimu siku iliyofuata. Tukaweka dakika 20. Baada ya hapo anajilaza dakika kumi, macho amefumba, bila simu. Simu ilikuwa kikwazo kikubwa, maana kwa kichwa kilichochoka kupekua simu ni kazi kama kusoma risiti. Kutembea kulianza kwa dakika nane asubuhi kabla ya jua, mpaka duka la kona na kurudi. Alioga ameketi bila kuona haya. Alikunywa maji lita mbili na nusu, na kwa kuwa presha yake haikuwa juu na hana ugonjwa wa figo wala moyo, nilimruhusu chumvi kidogo zaidi na pakiti moja ya ORS asubuhi. Kulipa funga kulisubiri, na shehe wa mtaani kwao alimthibitishia kwamba ana muda mpaka kabla ya Ramadhani inayofuata. Dawa sikumpa yoyote, na hilo ndilo lililowashangaza wote wawili. Sipro ya pili haikuanzwa.

Kazini palihitaji karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari aliyesajiliwa. Wagonjwa wengi hawalijui hilo na wanarudi kazini kabla ya wakati wakiogopa kufukuzwa. Nilimwandikia ED, yaani cheti cha kupumzika kazi, ya wiki mbili, kisha barua ya kuomba arudi kwa nusu siku. Nusu siku ilikuwa makubaliano kati yake na mkuu wake, naye alikubali baada ya Mama Salma kumweleza wazi kwamba makosa ya tarakimu yangeigharimu kampuni zaidi ya saa nne za kila siku. Alipewa pia mtu wa kuhakiki malipo anayoyapitisha. Niliona hilo ni la lazima. Mtu wa kichwa cha namna hiyo asiachiwe peke yake hundi, usukani wala jiko la gesi.

Kipimo chetu cha umakini kilikuwa cha nyumbani. Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, alijumlisha ukurasa mmoja wa mistari 40 na kuandika dakika na idadi ya makosa. Jumamosi ya kwanza alitumia dakika 22, akakosea mara tatu. Ya pili dakika 21, makosa matatu. Ya tatu dakika 17, makosa mawili. Nakiri nilitaka kumpongeza na kumwongezea kazi haraka. Nilijizuia, tukaongeza dakika tano tu za hesabu na dakika mbili za kutembea.

Katikati ya Julai alifiwa na shangazi yake Tanga. Hakuna daktari anayeweza kumzuia mtu kwenda msibani, na sikujaribu. Lakini hakunipigia kabla ya kuondoka. Alipanda basi, akalala mkekani usiku tatu, akasaidia kupika, na huko hakuna aliyeambiwa kwamba yeye ni mgonjwa. Alirudi Dar akalala siku tano. Jumamosi hiyo hakufungua hata kaunta buku. Alipokuja alikuwa amekata tamaa: "Nimerudi mwanzo, daktari." Tukafungua kurasa za nyuma. Anguko la Juni mwanzoni lilikuwa la siku tatu za kazi ya mezani tu, na lilimlaza siku mbili. Hili lilifuata safari, kukosa usingizi, kilio na kazi ya jikoni ya usiku tatu. Kwa kazi kubwa kiasi kile, siku tano si kurudi mwanzo. Tulishusha kiasi chake hadi nusu ya alichokuwa anafanya kabla ya safari, tukakaa hapo wiki nzima, tukapanda polepole. Jumamosi ya tatu tangu arudi, ukurasa ulimchukua dakika 15, makosa mawili. Tulikuwa tumepoteza kama wiki tatu.

Siku ile alipokuja amekata tamaa aliniuliza kama huenda asipone kabisa, na nilimjibu bila kumficha. Uchovu huo ukivuka miezi mitatu, ukiwa bado na maanguko yanayochelewa, usingizi usioburudisha na kichwa kizito, unahesabiwa kuwa ugonjwa wenye jina lake, ME/CFS, yaani ugonjwa wa uchovu sugu, na ufuatiliaji wake. Mwongozo wa Uingereza uliokuja baadaye, mwaka 2021, unatumia miezi mitatu hiyo kama mpaka, na umeacha kabisa kupendekeza ile programu ya zamani ya kumwongezea mgonjwa mazoezi kila wiki kwa ratiba isiyobadilika, hata kama anaanguka. Yeye wakati huo alikuwa wiki ya kumi na mbili. Alikuwa karibu na mpaka, lakini safu yake ilikuwa inashuka.

Idd ya kuchinja iliangukia katikati ya Agosti, na kwetu ikawa kipimo kizuri kuliko vyote, maana ilikuwa kazi ileile kwa nyumba ileile. Safari hii pilau ilipikwa na mawifi, yeye akakata vitunguu ameketi, akapokea wageni kwa muda wa saa mbili, akajilaza adhuhuri. Siku ya pili alichoka. Siku ya tatu alikwenda kazini. Mwisho wa Agosti alirudi siku nzima, isipokuwa wiki ya kufunga mwezi, ambayo mpaka Oktoba aliendelea kuondoka ofisini saa kumi jioni. Nilipompima tena, mapigo yake yalipanda kutoka 70 akiwa amelala hadi 84 tu akiwa amesimama.

Miguu ilitangulia, kichwa kikafuata. Kujumlisha kulirudi kwenye dakika nane Septemba, bila kosa, lakini kwa miezi miwili zaidi alisema majina ya wateja yanampotea akiwa katikati ya sentensi, na kwamba watu wawili wakizungumza kwa pamoja hawezi kumfuata hata mmoja. Hilo nalo liliisha bila yeye kujua ni siku gani. Alifunga siku zake za kulipa mwezi Desemba, siku mbili mbili kwa wiki.

Mara ya mwisho alikuja Januari, na mama mkwe wake, ambaye safari hii ndiye aliyekuwa mgonjwa: goti. Nilipokuwa namwandikia yule mama eksirei, Mama Salma alichungulia gharama nilizoorodhesha kwenye karatasi, vitu sita, akasema, "Daktari, hapo umezidisha elfu tano." Nikahesabu upya. Alikuwa sahihi.